Jedwali la hatari linalochagua: rekodi za wagonjwa katika kliniki ndogo ya Goma

*Mwalimu, ninasoma kozi ya usalama wa taarifa hapa Goma. Tumepewa kazi ya kutengeneza jedwali la tathmini ya hatari kwa rekodi za wagonjwa wa kliniki ndogo. Nimeandika mistari mingi: wadukuzi, virusi, moto, Nyiragongo, wizi, umeme kukatika. Karibu kila mstari umepata 3 kwa 3, yaani 9. Kwenye safu ya udhibiti nimeweka antivirusi, neno la siri na mafunzo. Mwalimu wa kozi amenirudishia na kuandika maneno matatu tu: "Jedwali hili halichagui." Nirekebishe wapi?*

Ndugu yangu, anza na safu ya kwanza, maana 9 zako zote zimezaliwa humo. "Virusi" ni jina la kitu cha kuogopwa, na kitu cha kuogopwa hakina uwezekano unaoweza kukadiriwa. Je, unauliza kama virusi vitaingia kwenye flashi ya muuguzi? Hilo hutokea mara nyingi. Au unauliza kama virusi vitafunga rekodi zote za wagonjwa pamoja na nakala yake? Hilo ni nadra zaidi, na uzito wake ni mwingine kabisa. Swali likiwa halijulikani, mtu huandika namba ya katikati, na ndivyo jedwali zima linavyojaa 9.

Kila mstari uandike kama tukio, kwa sentensi moja nzima: nani au nini, anafanya nini, kwa rekodi ipi, kwa kupitia udhaifu gani, na mgonjwa au kliniki inapata nini. Ukishindwa kumaliza sentensi, mstari huo haujaiva, uache pembeni.

Ili sentensi hizo ziandikike, lazima kwanza ujue rekodi ziko wapi. Tuchukue kliniki ya kubuni mtaa wa Majengo. Pale mapokezi kuna kitabu kikubwa cha wagonjwa na kompyuta moja ya mezani yenye programu ya rekodi. Nyuma ya kompyuta kuna diski ya nje iliyochomekwa usiku na mchana, na nakala hutunzwa humo. Kuna kabati la kadi za karatasi. Kuna daftari tofauti la manusura wa ubakaji, kwa sababu kliniki hutoa dawa za kuzuia VVU ndani ya saa 72, na kila anayezipata huandikwa. Halafu kuna rekodi ambayo wanafunzi karibu wote huisahau: simu za wahudumu. Mtu wa maabara hupiga picha ya majibu na kumtumia daktari kwa WhatsApp, kwa kuwa daktari yuko kliniki nyingine mchana. Picha hiyo ni rekodi ya mgonjwa, sawa na kadi iliyo kabatini.

Sasa vipimo. Neno "kati" kila mtu hulisoma anavyotaka, kwa hiyo uwezekano upime kwa muda. Mimi hutumia hivi kwa kliniki ndogo: 1 ni tukio linalotarajiwa mara moja katika zaidi ya miaka 20, 2 ni mara moja katika miaka 5 hadi 20, 3 ni mara moja katika mwaka 1 hadi 5, 4 ni mara moja au mara chache kila mwaka, 5 ni kila mwezi au zaidi. Ukiwa na ngazi hizi unaweza kumwuliza mama wa mapokezi, "Jambo hili limetokea lini mara ya mwisho?", na jibu lake likawa namba yenye ushahidi.

Athari nayo ipime kwa kilichompata mgonjwa, kisha kwa kazi ya kliniki. Bei ya kompyuta isikuongoze. Ngazi ya 1 ni usumbufu wa saa chache. Ya 2 ni kupoteza kazi ya siku chache inayoweza kuandikwa upya kutoka kwenye karatasi. Ya 3 ni kliniki kufanya kazi siku kadhaa bila historia za wagonjwa, daktari akiandika dawa kwa kuuliza tu. Ya 4 ni majina na magonjwa ya kawaida ya watu wengi kutoka nje. Ya 5 ina milango miwili: rekodi zote kupotea bila njia ya kuzirudisha, au hali ya VVU au ubakaji wa hata mtu mmoja kujulikana na watu wanaoweza kumdhuru. Nasema hata mmoja kwa makusudi. Katika mji ambao mwanamke anaweza kufukuzwa nyumbani kwa sababu hiyo, jina moja linatosha kuwa 5. Sheria nayo iko upande huo: Kongo ina kanuni ya kidijitali, amri-sheria namba 23/010 ya tarehe 13 Machi 2023, ambayo inalinda data binafsi.

Turudi kwenye uwezekano, maana hapo ndipo panapoumiza vichwa. Mwongozo wa SP 800-30 wa mwaka 2012, wa NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, unaugawa mara mbili: kwanza uwezekano wa jambo kutokea, kisha uwezekano kwamba likitokea litaleta madhara. Umeme wa Goma ni mfano mzuri. Umeme kukatika ni 5 bila ubishi. Lakini tukio lako ni "umeme unakatika wakati programu inaandika, faili ya rekodi inaharibika, na kliniki inabaki bila historia za wagonjwa kwa siku kadhaa." Kati ya kukatika kwingi, ni kuchache sana kunakofika huko. Ukiuliza pale kliniki na kuambiwa faili iligoma kufunguka mara moja katika miaka mitatu, uwezekano wako ni 3. Wanafunzi wengi huandika 5 hapa, kwa sababu wamehesabu sababu badala ya tukio.

Nyiragongo inahitaji mkono mwingine. Lava ilishuka kuelekea mji mwaka 1977, ikakata katikati ya mji Januari 2002, na tarehe 22 Mei 2021 ikafika Buhene, ukingoni mwa mji upande wa kaskazini. Nafasi kati ya mara hizo ni miaka 25 na 19, na hakuna hata mara moja mji mzima ulipoungua. Kwa hiyo mstari "lava inachoma jengo la kliniki" ni 1, hata kwa Majengo iliyo upande ule wa kaskazini. Lakini jiulize rekodi zenyewe zinadhurika vipi. Siku chache baada ya lava ya 2021, watu wa sehemu kubwa ya mji waliamriwa kuondoka, wakaenda Sake, Gisenyi, na wengine Bukavu kwa meli. Kliniki ambazo hazikuguswa na moto hata kidogo ziliachwa zimefungwa, na kompyuta ndani.

Na mji huu umewahi kuachwa kwa sababu nyingine pia. Watu walikimbia mapigano Novemba 2012, na tena mwishoni mwa Januari 2025. Rekodi iliyobaki ndani ya jengo lililofungwa haijali kama mwenye ufunguo amekimbia moto au risasi. Basi unganisha sababu hizo katika tukio moja: "Wahudumu wanaondoka kwa saa chache, kompyuta na diski vinabaki, na rekodi hazipatikani tena." Ukihesabu 2002, 2012, 2021 na 2025, ni mara nne katika miaka 23, yaani kama mara moja kila miaka sita. Si kila kliniki iliachwa kila mara, kwa hiyo 2 ni kadirio la haki. Umeona namba ilivyopanda kutoka 1 hadi 2 kwa kuandika tukio upya, bila volkano kubadilika chochote. Sababu tofauti zenye mwisho mmoja na dawa moja ziweke mstari mmoja. Ila uporaji wa kompyuta uache mstari wake pamoja na wizi, kwa kuwa pale kuna mtu ambaye sasa ameshika rekodi mkononi, na dawa yake ni nyingine.

Nimekuandikia mistari sita ya kliniki yetu. Alama ya kwanza inahesabiwa kwa hali ilivyo leo, ya mwisho kwa hali itakavyokuwa udhibiti ukifanya kazi. Namba ya kwanza katika kila jozi ni uwezekano, ya pili ni athari.

| Tukio | Leo | Udhibiti | Baadaye |
|---|---|---|---|
| Picha ya majibu ya VVU yenye jina inaonwa na mtu mwingine kwenye simu ya mhudumu | 4 × 5 = 20 | Namba ya mgonjwa badala ya jina; picha zisiingie kwenye albamu; simu ifungwe kwa neno la siri | 3 × 2 = 6 |
| Kompyuta inaibwa au kuporwa, mwizi anasoma rekodi zote | 3 × 5 = 15 | Kusimba diski nzima, yaani kuifanya isisomeke bila ufunguo; nakala iliyo nje ya jengo | 3 × 2 = 6 |
| Virusi kutoka kwenye flashi vinafunga rekodi na nakala iliyochomekwa | 3 × 5 = 15 | Diski mbili za nakala zinazopokezana, moja daima iko nje ya jengo | 3 × 2 = 6 |
| Wahudumu wanakimbia ghafla, rekodi zinabaki na kupotea | 2 × 5 = 10 | Nakala iliyosimbwa nje ya mji | 2 × 2 = 4 |
| Umeme unakatika, faili ya rekodi inaharibika | 3 × 3 = 9 | Betri ya kushikilia umeme hadi kompyuta izimwe vizuri | 2 × 3 = 6 |
| Mdukuzi wa mbali anaingia kupitia intaneti na kunakili rekodi | 1 × 5 = 5 | Hakuna kwa sasa | 1 × 5 = 5 |

Tazama mdukuzi alivyoenda chini kabisa, wakati kwako nadhani alikuwa juu. Kompyuta hii haina mlango wowote uliofunguliwa kwa intaneti. Bando huwashwa mara moja moja ili kutuma ripoti. Lakini andika pembeni ni kitu gani kitabadilisha namba hiyo. Fundi akiweka AnyDesk au TeamViewer ili atengeneze programu akiwa nyumbani, na akaiacha iwe wazi kwa neno la siri jepesi, mstari huu unapanda siku hiyohiyo.

Mstari wa kwanza nao huwashangaza watu, kwa kuwa hakuna adui ndani yake. Simu nyingi za Android, zikiachwa kama zilivyo, huweka picha zinazopokelewa kwa WhatsApp moja kwa moja kwenye albamu ya simu. Simu ya daktari inaachwa nyumbani ikichaji, mtoto anaichukua kuangalia picha za harusi, na majibu ya jirani yanatokea katikati. Kuzuia hilo hakuhitaji pesa: katika mipangilio ya WhatsApp kuna "Media visibility", izimwe. Pia aliyepiga picha apige kutoka ndani ya WhatsApp, kisha ahakikishe haikubaki kwenye simu yake. Lakini kinachoshusha athari kutoka 5 hadi 2 ni namba kuchukua nafasi ya jina. Karatasi ya maabara iwe na namba ya kadi peke yake. Daktari anaijua, au anapiga simu kuuliza. Picha hiyo ikionwa na mtu, anaona "chanya" isiyo na mwenyewe.

Hapa ndipo safu yako ya udhibiti ilipokwama. Kwa kila udhibiti, sema unashusha namba ipi kati ya mbili. Betri ya umeme inashusha uwezekano: kukatika hakufiki tena kwenye faili. Kusimba diski hakumzuii mwizi kuvunja mlango, ndiyo maana uwezekano umebaki 3, lakini anapata chuma kitupu. Antivirusi inashusha uwezekano kidogo, ikiwa tu inasasishwa, na bando la kliniki huenda kwenye ripoti kwanza. "Mafunzo" hayashushi chochote mpaka useme mhudumu gani atafanya kitendo gani tofauti na jana. Udhibiti usiogusa namba yoyote ufute kwenye jedwali.

Neno la siri la Windows linahitaji maelezo, maana umeliweka karibu kila mstari. Linamzuia mtu aliyeketi mbele ya kompyuta wakati wa mapumziko, na kwa kazi hiyo ni zuri. Mwizi hatalihitaji. Atafungua boksi, atoe diski, aichomeke kwenye kompyuta nyingine, na faili zote zitasomeka. Kama kompyuta ina Windows Pro, kuna BitLocker, zana yake ya kusimba diski. Toleo la Home halina BitLocker kamili, na hapo VeraCrypt, ambayo ni ya bure, itafanya kazi. Kujua kama BitLocker imewashwa kweli, fungua dirisha la amri kama msimamizi, uandike:

```
manage-bde -status C:
```

Unatafuta "Fully Encrypted" na "Protection On". Kimoja kikikosekana, athari irudi 5 kwenye jedwali. Na kumbuka kwamba usimbaji unaleta mstari mpya: ufunguo wa kurejesha ukipotea, kliniki yenyewe inafungiwa nje ya rekodi zake. Uchapwe kwenye karatasi, uwekwe kwenye bahasha iliyofungwa kwa daktari mkuu na kwa mtu mwingine mmoja. Usiuhifadhi ndani ya kompyuta ileile.

Wengine hudhani usimbaji unasaidia pia dhidi ya virusi vya mstari wa tatu. Hausaidii hata kidogo. Kompyuta ikiwa imewashwa, diski imefunguliwa kwa kila programu, na virusi ni programu. Kinachookoa ni nakala ambayo havikuweza kuifikia. Diski iliyochomekwa nyuma ya kompyuta usiku na mchana ni sehemu ya kompyuta ile. Vitaifunga kwa pamoja. Ndiyo maana nimependekeza diski mbili zinazopokezana: Ijumaa moja inachomekwa, nakala inafanywa, inachomolewa na kupelekwa nje ya jengo, nyingine inabaki zamu ya wiki ijayo. Ukipigwa na virusi Alhamisi, umepoteza kazi ya karibu wiki moja, ambayo iko kwenye kitabu cha karatasi. Hiyo ndiyo 2 niliyoandika.

Sasa angalia mahali pa kuiweka hiyo diski ya nje ya jengo. Nyumbani kwa muuguzi, mtaa wa pili, inatosha dhidi ya virusi, wizi na moto wa jengo. Dhidi ya mstari wa nne haifai, kwa sababu mtaa wa pili utaondoka siku ileile. Kwa mstari huo, kila mwezi nakala iliyosimbwa iende nje ya mji. Bukavu kwa mtu wa kuaminika ni jibu linalowezekana. Gisenyi iko karibu zaidi, lakini pale umevuka mpaka, na kupeleka data binafsi nje ya nchi ni jambo lenye masharti yake kisheria. Muulize mwenye kliniki kabla ya kuliandika kama udhibiti. Utaona pia kwamba nakala ya mwezi inaweza kupoteza kazi ya hadi wiki nne, na mji ukikimbia hata kitabu cha karatasi kinaweza kubaki nyuma. Kwa ukali, basi, athari yangu ya 2 katika mstari wa nne inasimama tu kama kitabu kinabebwa na aliyeteuliwa kukibeba. Andika jina la cheo chake kwenye safu ya udhibiti. Asipokuwepo mtu huyo, iwe 3, na alama ya mwisho iwe 6.

Namba ya safu ya mwisho usiishushe kwa ahadi. Nakala inahesabika baada ya kurejeshwa: chukua diski, ichomeke kwenye kompyuta nyingine, ifungue, linganisha idadi ya wagonjwa na ile ya mapokezi, kisha tafuta mgonjwa wa mwisho kuandikishwa kabla ya nakala. Kuna programu ambazo kila usiku huandika faili yenye jina na tarehe sahihi, lakini ina 0 KB. Kwa jicho, folda imejaa nakala. Hadi jaribio hilo lifanyike, safu ya mwisho ibaki na namba ya leo.

Jambo moja kuhusu kuzidisha. Namba hizi ni ngazi za kupanga, haziwezi kujumlishwa kama faranga. Ukiwa na 2 × 5 na 5 × 2, zote ni 10, lakini moja ni mji kuachwa na nyingine ni kupoteza kazi ya siku chache kila mwezi. Kwa hiyo weka kanuni juu ya jedwali: kila mstari wenye athari 5 unasomwa na kuamuliwa kwanza, hata alama yake ikiwa ndogo. Ndivyo mdukuzi mwenye 5 anavyopata uamuzi wake ulioandikwa, "tunaukubali hadi kompyuta itakapounganishwa na intaneti kila siku", badala ya kusahaulika chini ya ukurasa.

Kuchagua sasa kunakuja chenyewe. WhatsApp inaanza wiki hii, haina gharama. Diski ya pili inafuata, kwa sababu ununuzi mmoja unagusa mistari miwili, wizi na virusi. Usimbaji wa kompyuta unakuja baada ya nakala kujaribiwa, kamwe si kabla, maana kosa katikati ya usimbaji bila nakala linaweza kukuletea lile tukio ulilokuwa unalikwepa. Betri ya umeme inunuliwe pesa zikipatikana.

Daftari la manusura sijaliweka kwenye jedwali. Nimekuachia wewe, kwa kuwa mwalimu wako atataka kuona mstari uliotoka kichwani mwako. Nenda kaulize linalala wapi usiku, nani ana ufunguo, na kama jina na sababu ya kuja viko ukurasa mmoja. Kama viko pamoja, udhibiti wa kwanza ni kuvitenganisha: daftari moja la namba na matibabu, jingine la namba na majina, kila moja kwenye kabati lake na ufunguo wake. Andika sentensi ya tukio kabla ya kuweka namba yoyote.